Majibu Yote ya Isihaka Yalikuwa Hapana

Isihaka Mbwana wa Kwedizinga alikuwa na maradhi mawili. Ya kwanza yalikuwa heshima. Ya pili tutayafikia, ingawa mwenyewe hakutaka yafikiwe.

Utasema heshima si maradhi. Kweli, kwa mkulima si maradhi, wala kwa mwalimu wa chuo, wala kwa mwenye duka. Lakini Isihaka alikuwa wakala wa bima ya maisha, na wakala wa bima ya maisha anakula kwa kuuliza mambo ambayo mwenye haya hayatamki. Umewahi kukohoa damu? Una kifafa? Baba yako alikufa kwa ugonjwa gani, na mama je? Fomu ya Shirika la bima lililomwajiri ilikuwa na ukurasa mzima wa maswali ya namna hiyo, na mbele ya kila swali palikuwa na nafasi ya kuandika ndiyo au hapana. Chini kabisa mwombaji alitia sahihi yake kuthibitisha kwamba aliyoyasema ni kweli.

Isihaka alikuwa akifika kwa mtu, anaegesha baiskeli yake, anapiga hodi. Wataongea habari za mvua, za mahindi, za watu waliohamishiwa kijiji kipya wakaacha migomba yao nyuma. Chai italetwa. Kisha ataieleza bima, na aliieleza vizuri, maana aliiamini: wewe ukiondoka, watoto hawatabaki kuangalia milango ya watu. Mtu anakubali. Ukurasa wa kwanza unajazwa, jina, umri, kazi, na jina la atakayelipwa. Ukifika ukurasa wa pili, Isihaka anaikunja fomu.

"Haya mengine nitayamaliza mwenyewe nyumbani," anasema. "Wewe tia sahihi hapa tu."

Nyumbani anaandika hapana, hapana, hapana, mpaka chini. Mkewe Mwaija alimwona akifanya hivyo miaka na miaka. Aliwahi kumwuliza mara moja kama ndivyo alivyofundishwa kule Tanga.

"Mtu amenikaribisha chai," Isihaka alimjibu, "nami nimwulize kama babake alikuwa mwendawazimu? Wewe ungekubali?"

Si kila fomu aliijaza hivyo. Walimu vijana na makarani wa ushirika, ambao hawakuona haya kusema lolote, aliwauliza akaandika walichosema. Kwa hiyo katika mkoba wake wa turubai fomu za kweli na fomu za heshima zilikaa pamoja, zimefanana, na hakuna aliyeweza kuzitenganisha ila yeye.

Kilichomponza ni mkwe. Binti yake Hajira aliolewa na Salimu, dereva wa lori la mashamba ya mkonge upande wa Korogwe. Isihaka alitaka sana binti yake awe na kinga, kwa sababu alijua, na kijiji kizima kilijua, kwamba Salimu kabla ya kuoa alilazwa muda mrefu kwa kifua. Sasa baba mkwe atamwulizaje mkwewe habari za kifua? Kwao baba mkwe na mkwe hawali sahani moja wala hawatazamani usoni, na njiani mmoja humpisha mwenzake pembeni kwenye majani. Isihaka alipeleka maneno kwa Hajira, Hajira akayapeleka kwa mumewe, mume akakubali, na malipo ya kila mwezi yakapita kwa Hajira. Fomu Salimu hakuiona. Isihaka aliijaza peke yake. Palipohitaji sahihi, aliona aibu kuigiza mkono wa mkwewe, akachovya wino akaweka kidole gumba. Kidole gumba chake mwenyewe. Na Salimu anajua kusoma na kuandika vizuri tu. Jamani.

Mwaka elfu moja mia tisa sabini na tano Salimu alipata nyongeza ya mshahara akataka bima kubwa zaidi. Safari hii alikwenda mwenyewe ofisini Korogwe, na kwa ukubwa wa kiasi alichotaka Shirika likampeleka kwa daktari. Daktari akamwuliza, Salimu akajibu. Karani akalinganisha fomu mpya na ya zamani. Kwenye ile mpya palikuwa na ndiyo na sahihi iliyoandikwa vizuri. Kwenye ya zamani palikuwa na hapana tupu na dole gumba la mtu asiyejulikana.

Barua ilifika Kabuku, kwenye duka la Paulo Semboja, Msambaa aliyeteremka toka milimani kuja kuuza chumvi, kanga na mafuta ya taa kando ya barabara kuu. Sanduku lake la posta lilikuwa la nusu ya tarafa. Paulo mwenyewe alikuwa mteja wa Isihaka, na alimpa bahasha ile huku akicheka.

"Muhuri mkubwa huo, mzee Isihaka. Wamekupandisha cheo."

Isihaka aliisoma akiwa amesimama mlangoni.

"Ndugu Isihaka Mbwana," ilisema. "Yah: Kuvunjwa kwa mkataba wa uwakala. Uchunguzi umeonyesha kwamba katika fomu ya bima ya maisha ya Ndugu Salimu Rajabu majibu ya afya yaliandikwa nawe bila mwombaji kuulizwa, na alama ya kidole iliyowekwa si yake. Mwenyewe ulikiri hayo kwa maandishi ulipotakiwa kujieleza. Huu ni ukiukaji mkubwa wa kanuni za mwenendo wa mawakala ulizozitilia sahihi. Kwa hiyo mkataba wako umevunjwa kuanzia tarehe ya barua hii. Kuanzia sasa huruhusiwi kupokea malipo ya bima, kujaza fomu, wala kujitambulisha kuwa wakala wa Shirika. Mkaguzi wa mawakala, Ndugu Hosiana Shekivuli, atafika kwako Jumatano ijayo. Utamkabidhi kadi zote za wateja, nakala za fomu, vitabu vya stakabadhi vilivyotumika na visivyotumika, kitabu cha viwango na kitambulisho chako. Kumbukumbu hizo ni mali ya Shirika, na huruhusiwi kubaki na nakala yoyote. Bima za wateja zinaendelea kama kawaida, nao watapangiwa wakala mwingine. Kamisheni unayostahili hadi tarehe hii utalipwa baada ya makabidhiano na hesabu kukaguliwa."

Akaisoma tena. Kilichomuudhi zaidi si kufukuzwa. Kilichomuudhi ni lile neno mali ya Shirika. Nani aliyebeba kadi hizo kwenye baiskeli masika na kiangazi? Nani alijua kwamba Simeo wa Kerenge siku hizi yuko kijiji kipya, nyumba ya tatu toka kisimani? Shirika lilikuwa wapi siku zile matope yalipokula mnyororo wa baiskeli?

"Vizuri umekuja," Paulo alisema, akitoa noti kwenye droo. "Chukua ya mwezi huu kabisa, nisije nikapitiliza muda wangu wa nyongeza."

Isihaka alitazama mkono ule.

"Weka kwanza," alisema.

"Niweke? Miaka yote hii hujawahi kuniambia niweke."

"Weka, Paulo. Nitapita."

"Utapita lini? Muda wa nyongeza unaisha kabla ya mwezi kwisha, umenifundisha mwenyewe. Ukiisha sijalipa, bima inakatika. Chukua."

"Nimesema weka. Mbona una kichwa kigumu?"

Paulo alibaki na noti zake mkononi, amekasirika, na alikuwa na haki ya kukasirika. Isihaka angemwambia maneno manne tu, nimeachishwa kazi, kalipe ofisini, mambo yangekwisha. Lakini yeye hakuweza kumwuliza mtu neno la aibu, sembuse kulisema la kwake. Alipanda baiskeli akaondoka. Njia nzima alimlaumu Salimu kwa kusema, na daktari kwa kuuliza.

Siku zilizofuata zilikuwa za kero tupu. Mtu akipiga hodi, Isihaka yuko shambani. Mtu akimfuata shambani, ana mguu unamuuma. Wateja wawili waliacha pesa kwa Mwaija, naye akawarudishia palepale.

"Mimi si Shirika," aliwaambia. Kisha akaingia ndani akamwambia mumewe, "Nitakudanganyia watu mpaka lini?"

"Mpaka Jumatano."

"Na Jumatano utawaambia nini?"

Isihaka aliomba maji ya kunywa, na Mwaija akamletea kata nzima, kisha nyingine, kama ilivyokuwa desturi ya nyumba ile.

Jumatano Hosiana Shekivuli alifika, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mwenyeji wa Bumbuli, viatu vyake vimejaa vumbi jekundu. Alisalimia shikamoo vizuri, kwanza kwa Isihaka, halafu kwa Mwaija. Akakubali chai. Isihaka alikuwa amejiandaa kwa mtu mwenye makelele, na utulivu wa mama huyu ulimzidishia hasira.

Walikaa barazani, mkeka katikati, mkoba wa turubai juu ya mkeka. Hosiana alitoa fomu ya makabidhiano katika nakala mbili. Vitabu vya stakabadhi walivikagua namba kwa namba, mpaka ile stakabadhi moja iliyoharibika, ambayo Isihaka aliichora mistari miwili na kuihifadhi na nakala yake kama inavyotakiwa. Hakikukosekana kitu. Stakabadhi ambazo hazijatumika Hosiana alizipiga mstari ili zisitumike tena. Kitabu cha viwango kiliandikwa. Kitambulisho Isihaka alikitoa mfukoni mwa shati polepole, akakilaza kifudifudi, picha yake isionekane.

Kwenye kadi mambo yalikuwa mengine.

"Hapa umeandika, kwa Ernesti, kando ya mkuyu," Hosiana alisema. "Nimepita pale. Mkuyu upo, nyumba hakuna."

"Wamehamishwa. Kila mtu anajua."

"Mimi sijui, mzee. Na wakala mpya hatajua."

Basi ikabidi waketi na kadi moja moja, huyu amehamia wapi, yule analipia kwa nani, kijiji gani, nyumba ya ngapi. Isihaka alijibu kwa mkato, kwa sauti ya mtu anayeng'olewa jino. Hata hivyo alijibu, kwa sababu kazi ile aliijua, na mtu akiulizwa kazi anayoijua ulimi humsaliti. Jua lilikuwa limepinda walipofika kadi ya mwisho. Isihaka alidhani wamekwisha, akanyoosha mkono kuchukua kalamu atie sahihi.

"Bado," Hosiana alisema. "Fomu ya Salimu tunaijua. Zilizobaki, zipi uliuliza na zipi hukuuliza?"

Uso wa Isihaka ulibadilika.

"Barua haikusema hivyo. Barua imesema kadi, fomu, vitabu, kitambulisho. Umepata vyote."

"Nimepata karatasi. Ninachokuuliza hakimo kwenye karatasi."

"Basi hakimo kwenye makabidhiano."

Hosiana aliifunga kalamu yake. Kwa mara ya kwanza sauti yake ilionyesha uchovu.

"Mzee wangu, sikuja kukutafutia kosa jingine. Mkataba umeshavunjwa, hauvunjwi mara mbili. Nisikilize. Salimu angekufa mwaka jana na lori lake, Hajira angeleta madai. Shirika lingechunguza, maana bima ilikuwa changa. Wangekwenda hospitali, wangekuta alilosema daktari, wangetazama fomu. Imeandikwa hapana. Unajua wangemwambia nini binti yako?"

Isihaka alijua. Alifundishwa Tanga.

"Wangemwambia mumeo alisema uongo," Hosiana aliendelea. "Na malipo asingeyapata. Salimu hakusema uongo, hakuulizwa. Sasa yeye amejaza fomu mpya, na aliyonieleza sitakwambia, ni siri yake na Shirika. Lakini hawa wengine wanalipa kila mwezi wakidhani wana kinga. Akiwa hai mtu anaweza kusahihisha. Pengine malipo yatapanda kidogo, pengine Shirika litakataa na watajua mapema. Akishakufa, anayesahihisha ni nani?"

"Mnaweza kuwauliza wote."

"Tutawauliza wote kwa barua, na wengi hawatajibu, na wengine barua itawafuata kwenye mkuyu. Nataka kujua nianze kwa nani kwa miguu yangu. Wewe peke yako unajua."

Isihaka alitazama uwanja. Hasira yote aliyoibeba toka duka la Paulo ilikuwa inatafuta mtu wa kumwangukia, na haikumpata. Shirika lilikuwa na haki. Daktari alikuwa na haki. Mkwe, ambaye alimlaumu njia nzima, alikuwa amejibu tu alichoulizwa. Inaudhi sana kukasirika siku zote hizo halafu ukakuta wa kukasirikiwa ni wewe.

"Salimu alisema nini juu yangu?" aliuliza mwishowe.

"Alisema baba mkwe ni mtu wa heshima, hakuniuliza, nami nikadhani hawaulizi."

Isihaka akavuta kadi. Akaanza kuzigawa mkekani mafungu mawili, kulia na kushoto, na fungu la kushoto likawa linakua mpaka yeye mwenyewe akaona haya kulitazama. Paulo Semboja akaenda kushoto. Simeo akaenda kushoto. Chausiku muuza vitumbua wa Kabuku, ambaye alimkaribisha chai ya tangawizi, kushoto. Hosiana aliandika majina kwenye karatasi ya nyongeza, akamwonyesha, akamtaka atie sahihi pembeni.

"Hawa wote watajua nimefukuzwa," Isihaka alisema.

"Watajua bima zao zinatengenezwa."

"Na Paulo ana pesa yake ya mwezi. Nilimkatalia bila kumwambia sababu."

"Ulifanya vema kukataa. Hukufanya vema kutomwambia." Hosiana alitazama jua. "Nitapitia dukani kwake nikienda kungoja basi. Nitapokea mimi na kumwandikia stakabadhi. Lakini ingekuwa bora asikie kwako."

Isihaka aliguna. Akaona kama kazi imekwisha, akaanza kukunja mkoba ambao sasa haukuwa na kitu. Hosiana aligeuza fungu la kulia, akalipitia, kisha akalipitia la kushoto. Akachungulia ndani ya mkoba.

"Kuna kadi moja sijaiona," alisema. "Orodha ya ofisi inaonyesha nawe una bima. Ulijikatia mwaka sabini na moja. Atakayelipwa ni Mwaija binti Shomari."

Mwaija alikuwa mlangoni, anapepeta mahindi. Ungo ulisimama.

Kadi ilikuwa mfukoni mwa shati, mahali kilipokuwa kitambulisho. Isihaka aliitoa. Hakuiweka kulia wala kushoto, akaishika tu.

"Hii ni yangu."

"Ni ya Shirika kama nyingine. Bima ndiyo yako." Hosiana aliichukua kwa mikono miwili, kwa adabu. "Mzee, hii uliuliza au hukuuliza?"

Cheka ukitaka. Mtu huyu alijaza fomu yake mwenyewe, peke yake, hakuna mgeni, hakuna mkwe, hakuna chai ya kumtia haya, na bado aliandika hapana mpaka chini. Mwaka mmoja kabla ya kuijaza fomu ile daktari wa Korogwe alimwambia kitu kuhusu sukari, akamwandikia dawa na mambo ya kutokula. Isihaka alikunja cheti kile, na toka siku hiyo hakumwambia mtu.

"Naweza kukuuliza sasa, tukajaza mpya," Hosiana alisema. "Nikiwauliza wengine nitakwenda nao faragha. Nawe, kama unataka, mama atupishe."

"Haina haja," Isihaka alisema haraka. "Majibu ni yaleyale."

Hosiana alitoa fomu mpya hata hivyo, akaanza kusoma. Moyo? Hapana. Kifua? Hapana. Kifafa? Hapana. Kalamu ilikwenda vizuri.

"Umewahi kuambiwa na daktari una ugonjwa wa sukari?"

Isihaka alifungua kinywa. Lakini aliyesema alikuwa Mwaija.

"Andika ndiyo, mwanangu."

Isihaka aligeuka.

"Anadhani sijui," Mwaija alisema. Hakupaza sauti, lakini ilitoka imebanwa na miaka. "Anakunywa mtungi mzima wa maji. Anapojisaidia nyuma ya nyumba sisimizi wanajaa, kila asubuhi namwaga majivu nikiwafukuza ili watoto wasione. Miaka yote namwaga majivu, namngoja aseme. Mficha maradhi kifo humuumbua, nami ndiye nitakayeachwa kwenye maumbuko hayo. Andika ndiyo."

Hosiana hakuandika. Kalamu aliinyanyua kabisa kutoka kwenye karatasi.

"Siwezi, mama," alisema. "Nikiandika jibu ambalo mwenyewe hakulitoa, ndilo kosa lililonileta hapa. Lazima atamke yeye." Akamgeukia Isihaka, akalisoma tena swali lote toka mwanzo, polepole, bila kumwonea haya.

Isihaka alitazama mikono yake. Kwenye kidole gumba cha kulia, pembeni ya ukucha, hapakuwa na wino wowote, ulishatoka zamani. Alikuwa na maneno mengi ya kumjibu mwanamke huyu, ya mtu na faragha yake, ya siku hizi na watu wake. Mkewe alikuwa amesimama mlangoni na ungo wake, anamwangalia kama alivyokuwa akimwangalia miaka yote, na yeye hakuwahi kuona.

"Ndiyo," Isihaka alisema.

"Tangu lini?" Hosiana aliuliza, na safari hii aliandika.